Pikseli 35 Kati ya Macho: Picha ya Marehemu Inavyopoteza Mwenyewe

Wateja wenye haraka kuliko wote katika studio za picha za Kitale na Bungoma ni wafiwa. Mazishi ni Jumamosi; bango, tisheti na kijitabu cha programu vinatakiwa kabla mwili haujatolewa mochari, na picha iliyopo ni moja. Mara nyingi ni ile ya kitambulisho, ya kijivujivu, iliyopigwa upya kwa simu na kupita makundi mawili matatu ya WhatsApp hadi ikamfikia fundi imechujuka. Familia inataka mzee aonekane amevaa suti, uso safi, macho yanatazama mbele. Zamani fundi alikikata kichwa chenyewe na kukikalisha juu ya suti kwa Photoshop. Mshono ulionekana shingoni, lakini kichwa kilikuwa cha mwenyewe. Siku hizi kuna njia ya mkato: huchukuliwa picha nzuri ya mtu mwingine aliyevaa suti, programu moja inambadilisha uso awe na wa marehemu, na programu ya pili inausafisha uso huo uliotoka na ukungu. Shingo haina mshono hata kidogo. Kisha mjane anaitazama kazi hiyo na kusema huyu si mume wangu.

Lawama huiangukia programu ya pili, ile ya kusafisha, kwa sababu ndiyo inayoonekana kufanya jambo: uso uliingia na ukungu, umetoka na kope, ngozi laini na kimulimuli cha taa ndani ya macho. Mimi naona lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Uso hupotea katika hatua mbili, na ya kwanza hutokea kabla usafishaji haujaanza. Anayesafisha hukuta pengo limeshachimbwa. Kosa lake ni kulijaza kwa ustadi mno kiasi kwamba hakuna anayejua kulikuwa na pengo.

Modeli ya kubadilisha uso iliyoenea zaidi huitwa `inswapper_128`. Ilitoka kwa mradi wa InsightFace, na watu wengi waliijua mwaka 2023 kupitia programu ya bure iliyoitwa roop. Leo imo ndani ya FaceFusion na nyingine kadhaa. Ile 128 ni kipimo: uso unaotoka ni mraba wa pikseli 128 kwa 128, hata kama suti ilipigwa kwa kamera ya bei kubwa. Programu hutafuta alama tano usoni, yaani macho mawili, ncha ya pua na pembe mbili za mdomo, inaunyoosha uso hadi alama hizo zikae mahali maalumu ndani ya mraba, inafanya kazi yake, kisha inaurudisha mraba huo mahali pake kwenye picha kubwa kwa kuuvuta.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui ni kwamba picha ya marehemu haihamishwi. Hakuna hata pikseli moja ya kitambulisho inayofika kwenye suti. Uso wa kwenye kitambulisho hupunguzwa hadi mraba wa pikseli 112, unapitishwa kwenye mtandao wa kutambua nyuso uitwao ArcFace, na kinachotoka ni orodha ya nambari 512. Orodha hiyo peke yake ndiyo inayopelekwa upande wa pili, ambako modeli inaunda uso mpya juu ya uso wa mvaaji suti kwa kufuata nambari hizo. Ni kama fundi cherehani anayeshona kwa vipimo alivyosomewa kwa simu: huenda nguo ikamkaa mwenyewe vizuri, lakini kiraka cha kwenye nguo yake ya zamani hakimo.

Na mtandao ule ulifunzwa kwa makusudi usijali mambo fulani. Ili umtambue mtu yuleyule leo na mwaka kesho, akiwa na ndevu au bila, juani au kivulini, umejifunza kupuuza kila kinachobadilikabadilika kati ya picha moja na nyingine. Kovu la juu ya nyusi, chunjua la shavuni, mikunjo ya miaka 80: vitu ambavyo mjane huviangalia kwanza vina nafasi ndogo sana ndani ya nambari 512. Uso wa mvaaji suti, kwa upande wake, haufutwi wote. Mwanga, mwelekeo wa kichwa, kiasi cha tabasamu na kwa sehemu kubwa rangi ya ngozi hubaki vyake. Nje ya eneo linalobadilishwa hubaki pia masikio yake, nywele zake na sehemu ya paji lake.

Masikio hayo ni jambo la kuangaliwa hasa upande wa Mlima Elgon. Wazee wengi wa Kisabaot, kama majirani zao wa jamii za Kalenjin, walitobolewa ndewe za masikio na kuzivuta hadi zikaning'inia. Mzee wa namna hiyo akipitishwa kwenye kazi hii hutoka na masikio ya kijana wa picha ya matangazo. Hapo modeli haijakosea chochote kwa kipimo chake. Masikio hayamo katika kazi iliyopewa. Lakini wajukuu wanaoiangalia picha hiyo wakiwa Kapsokwony wataona kitu hakikai sawa hata wasipoweza kusema ni kipi.

Tufanye hesabu ya kazi moja hadi mwisho. Ndani ya mraba wa pikseli 128, umbali kati ya mboni ya jicho moja na la pili huwa takriban pikseli 35, kwa sababu alama tano zimepangiwa mahali pake. Kwa mtu mzima umbali huo ni wastani wa milimita 63. Kwa hiyo kila milimita ya uso ina zaidi kidogo ya nusu pikseli. Duara la rangi la jicho, lenye milimita 12 hivi, linapata pikseli 7. Mwanya wa milimita 2 kati ya meno ya mbele unapata pikseli 1. Kovu jembamba la milimita 3 halifiki pikseli 2 kwa upana. Kope hazina chochote.

Sasa familia inataka picha ya ukubwa wa A3, kifua na kichwa, uso ukiwa na upana wa sentimita 10. Kwa ukubwa huo macho yameachana sentimita 4.5. Ukichapa kwa nukta 200 kwa inchi, kati ya macho panahitajika pikseli kama 350, nawe unazo 35. Uso unatakiwa kukuzwa mara 10 kwa upana na mara 10 kwa urefu. Katika kila pikseli 100 zitakazochapwa, moja imetoka kwenye modeli ya kubadilisha uso na 99 zitatoka kwingine. Swali lote la makala haya ni hizo 99 zinatoka wapi.

Ukikuza kwa njia ya kawaida, zinatoka kwa majirani zake: programu inachukua wastani wa pikseli zilizo kando na kupata ukungu laini. Njia hiyo haibuni kitu, na ndiyo maana haimpendezi mteja. Wasafishaji wa nyuso hufanya jambo jingine kabisa. GFPGAN, iliyotolewa mwaka 2021 na maabara ya ARC ya kampuni ya Tencent, hubeba ndani yake modeli iliyokwisha kujifunza kuchora nyuso za watu wasiokuwepo. Uso wenye ukungu unatumika kuielekeza ichore upande upi. CodeFormer, ya mwaka 2022 kutoka Chuo Kikuu cha Nanyang, Singapore, ina kabati la vipande 1,024 vya uso. Inaugawa uso katika gridi ya 16 kwa 16 na kuchagua kipande kimoja kutoka kabatini kwa kila mahali. Zote mbili hutoa uso wa pikseli 512, na zote mbili zilijifunza uso ni nini kutoka mkusanyo mmoja uitwao FFHQ: picha 70,000 zilizokusanywa kutoka tovuti ya Flickr. Waliokusanya picha hizo walikiri wazi kwamba mkusanyo umerithi upendeleo wote wa tovuti hiyo. Wazee wa Chwele na Kapenguria hawakuwa wapakiaji wakubwa wa picha Flickr.

Matokeo ya upungufu huo yalionekana na dunia nzima mwezi Juni 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walikuwa wametoa programu iitwayo PULSE, inayotafuta uso mkali ambao ukipunguzwa unafanana na picha ndogo uliyoipa. Mtu mmoja aliipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa hadi ikawa vijiraba. Ikamrudishia mzungu. Wengi walicheka, lakini funzo lake la kihisabati ni zito kuliko kicheko: uso ule wa mzungu, ukipunguzwa, ulikaribia kabisa kuwa vijiraba vilevile. Programu haikukiuka picha iliyopewa. Picha ndogo ina maelfu ya wenyewe wanaoweza kuitoa, na modeli humchagua yule inayemfahamu zaidi.

Tukirudi kwa mzee wetu, mabadiliko huja kwa mpangilio unaotabirika, na fundi akiujua anaweza kuyakamata. Umri hupotea kwanza: mikunjo ya pikseli moja huhesabiwa kuwa takataka za picha na kufutwa, mzee wa miaka 80 anarudi na 55. Meno hufuata. Katika jamii nyingi za magharibi ya Kenya wazee wa zamani waling'olewa meno ya mbele ya chini. Mdomo ukiwa wazi, lile giza dogo la pengo ni pikseli mbili tatu tu, na msafishaji aliyeona maelfu ya midomo yenye meno kamili hulijaza bila kusita. Kisha macho: weupe wa jicho la mzee, ambao kwa kawaida una umanjano au wekundu, hung'arishwa, na mboni hupewa kimulimuli. Mwisho huguswa umbo lenyewe, yaani upana wa pua na ukingo wa midomo. Hapo ndipo mtu anakuwa mwingine. Kabla ya hapo ni yeye aliyepakwa poda. Baada ya hapo ni binamu yake.

CodeFormer ina kirekebishi kinachoitwa `w`, kinachokwenda kutoka 0 hadi 1:

```
python inference_codeformer.py -w 0.7 --input_path picha/
```

Ukikisogeza kuelekea 0, programu inaliamini kabati lake na kutoa uso mzuri. Ukikisogeza kuelekea 1, inaiamini picha uliyoipa. Mafundi wameambiana kwamba 0.7 au 0.8 hulinda sura ya mtu, na kwa picha ya zamani iliyoskaniwa ushauri huo una maana. Baada ya kubadilisha uso, maana yake inabadilika. Uaminifu unaopimwa na `w` ni uaminifu kwa picha iliyoingia, na picha iliyoingia ni ule mraba wa pikseli 128, ambao tayari ni mchanganyiko wa nambari 512 za marehemu na nyama ya mvaaji suti. Msafishaji hajawahi kuiona picha ya kitambulisho. Ukiweka `w` kuwa 1, utapata mchanganyiko ule ukiwa umehifadhiwa vizuri. Hakuna mahali popote kwenye kirekebishi hicho panapomrudisha mzee, na saa nyingi zinazopotea kukisogeza huku na huku ni saa za bure.

FaceFusion ina chaguo la kuongeza pikseli za uso unaobadilishwa hadi 256, 512 na kuendelea, kwa kuupitisha uso katika modeli ileile mara kadhaa. Ukali unaongezeka kweli. Nambari za marehemu hata hivyo ni zilezile 512. Ule ukali wa ziada unatoka zaidi kwa mvaaji suti.

Basi fundi atajuaje kwamba amevuka mpaka? Kipimo cha kwanza ni kuupunguza uso uliosafishwa urudi ukubwa wa mwanzo na kuulinganisha na ule ulioingia. Kipimo hiki kina upande mmoja tu wa kuaminika. Vikitofautiana, msafishaji amebadilisha kitu, hakuna ubishi. Vikilingana hujathibitisha lolote, na picha ya Obama ndiyo ushahidi.

Kipimo cha pili nakipenda zaidi kwa sababu kinaonyesha mahali. Safisha uso uleule mara mbili, kwa GFPGAN na kwa CodeFormer, kisha uziweke picha hizo moja juu ya nyingine na kuziwasha na kuzizima kwa zamu. Kinachotulia bila kutikisika, pengine mstari wa taya au umbali wa macho, huenda kilikuwemo katika picha. Kinachorukaruka, pengine ncha ya pua au kona ya mdomo, hakikuwemo. Kila programu imebuni chake. Ukiona pua inaruka, acha kumwambia mteja kwamba picha imesafishwa.

Cha tatu ni kujipima kabla ya kazi, kwa uso ambao kila mtu wa huko anaufahamu. Michael Wamalwa Kijana, aliyekuwa mbunge wa Saboti na akafariki Agosti 2003 akiwa Makamu wa Rais, ana picha nyingi nzuri. Chukua moja, ipunguze hadi macho yaachane pikseli 35, isafishe kwa mpangilio wako wa kila siku, kisha waonyeshe watu wa Kitale wenye umri wa kumkumbuka pasipo kuwaambia ni nani. Punguza hadi 20, rudia. Kiwango ambacho majibu yanaanza kuwa "anafanana na Wamalwa" badala ya "Wamalwa" ndicho mpaka wa programu yako, kwa nyuso za watu wako, na hakuna mwongozo wa mtengenezaji utakaokupa kipimo hicho.

Wengine huona ni rahisi kuiachia mashine ihukumu: unatoa nambari za uso wa kitambulisho na za uso uliosafishwa, unapima zinavyokaribiana, na alama ikiwa juu unachapa. Hapa pana mitego miwili. Modeli ya kubadilisha uso iliundwa kwa kuongozwa na nambari za ArcFace, kwa hiyo ukimpa ArcFace kazi ya kuhukumu umempa mtahini aliyetoa majibu ya mtihani. Alama lazima iwe nzuri. Tumia mtandao mwingine, na ulinganishe na picha nyingine ya marehemu ambayo haikutumika katika kazi. Mtego wa pili ni mpana zaidi. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima programu 189 za kutambua nyuso. Katika picha zenye ubora mzuri, makosa ya kusema watu wawili tofauti ni mtu mmoja yalikuwa mengi zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na machache zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Programu nyingi zilitofautiana mara 10 hadi 100 kati ya kundi na kundi. Maana yake kwa studio ya Bungoma ni kwamba alama inayosemwa kuwa ya kutosha inaweza kuwapitisha mzee na kaka yake pamoja. Ijaribu: pima uso uliosafishwa dhidi ya picha ya ndugu yake aliye hai. Ikiwa alama ya ndugu iko karibu na ya marehemu, mashine haina la kukuambia.

Jicho la mjane ni kipimo bora, lakini nalo lina kanuni zake. Tangu utafiti wa Ellis, Shepherd na Davies wa mwaka 1979 inajulikana kwamba mtu tunayemfahamu tunamtambua zaidi kwa sehemu za ndani za uso, yaani macho, pua na mdomo, wakati mgeni tunamshika vilevile kwa nywele na umbo la kichwa. Ndiyo sababu fundi, ambaye hakumjua mzee, huona kazi imefanana, na mjane huona haikufanana, wakitazama karatasi ileile. Fundi anaangalia kichwa. Mjane anaangalia mahali ambapo modeli imebuni. Kwa hiyo fundi asiwe mwamuzi wa kazi yake, hata awe hodari namna gani. Tena mjane asiulizwe "ni yeye?" huku picha ya kitambulisho iko mezani, maana atalinganisha picha na picha. Aonyeshwe ile mpya peke yake, na aulizwe ni kitu gani hakiko sawa. Ndugu wa pili aulizwe akiwa mbali na wa kwanza, kwa sababu matangani neno la mkubwa mmoja huwafunga wengine midomo.

Jambo linalowashangaza mafundi ni kwamba mjane huyohuyo huikubali picha ya kitambulisho, yenye ukungu wote ule, bila kusita. Hakuna ajabu. Mwaka 1973 Leon Harmon na Bela Julesz walichapisha picha ya Abraham Lincoln ya vijiraba vikubwa vichache, na watu wakaendelea kumtambua hasa wakikunja macho kidogo. Uso unaofahamika unahitaji pikseli chache mno, kwa sababu anayeutazama anakuja na sehemu iliyobaki kichwani mwake. Ukungu unamwachia nafasi hiyo. Kope na ngozi zilizochorwa upya zinaichukua nafasi hiyo, na zikiwa za mtu mwingine zinabishana na kumbukumbu yake.

Hilo linatupeleka kwenye hesabu ambayo studio nyingi hazijaifanya: je, ukali ule unahitajika? Jicho zuri likiwa umbali wa mita 3 haliwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya milimita 0.9 hivi. Kwenye ile A3 yetu, yenye sentimita 4.5 kati ya macho, mtu aliyesimama mita 3 kutoka kwenye jeneza hafaidi zaidi ya pikseli 50 kati ya macho. Sasa rudi kwenye kitambulisho. Tuseme macho ya kwenye kadi yameachana milimita 6. Ukikiweka kitambulisho chenyewe kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi, badala ya kukipiga kwa simu, unapata pikseli kama 140 kati ya macho. Chapa ya kadi ni duni, basi tukate nusu: 70. Kadi iliyo mfukoni mwa mjane ina habari mara mbili ya ile iliyotoka kwenye `inswapper_128`, tena yote ni ya mzee. Kazi iliyoitwa ya kuboresha ilianza kwa kuitupa.

Ndiyo maana kwa picha ya mbele, na ya kitambulisho karibu daima ni ya mbele, naona mkasi wa zamani wa Photoshop bado ni bora. Skani kadi, kata kichwa kizima pamoja na masikio, kikalishe juu ya suti, sawazisha mwanga na rangi, na mshono wa shingo ufichwe kwa kola. Usafishaji ukihitajika, ufanyike kwa kichwa hicho, `w` ikiwa juu, kisha matokeo yawekwe juu ya kichwa cha asili na kufifishwa hadi theluthi au nusu. Macho, mdomo na alama zozote za mzee zifunguliwe kwa brashi ili ya asili ionekane. Msafishaji aachiwe kola, shavu na paji. Kubadilisha uso kubaki kwa kazi ambayo familia inajua ni mchoro wa kukisia, na iambiwe hivyo kabla ya kulipa. Kuna pia jambo la leseni, ambalo sisikii likitajwa kaunta yoyote: modeli za InsightFace na CodeFormer zimetolewa kwa matumizi yasiyo ya biashara, wakati GFPGAN, kwa sehemu kubwa, ina leseni inayoruhusu biashara.

Kwa bango, kosa likitokea, linaumiza familia. Kwa picha ya kamera ya ulinzi ya duka, linaweza kumfikisha kituoni mtu asiyehusika. Uso wa mwizi wenye pikseli 20 kati ya macho ukisafishwa na kusambazwa kwenye simu utakuwa uso mkali wa mtu ambaye programu imemchagua, na katika mji wa ukubwa wa Kitale hakosekani anayefanana naye. Hapo hakuna mjane wa kusema si yeye. Picha ya namna hiyo isambazwe na vijiraba vyake.

Sehemu moja ya tatizo haionekani hadi mwaka upite. Picha iliyotoka kwenye bango huingia kwenye simu za ukoo wote, na kwa kuwa ni safi kuliko nyingine zote, ndiyo inayohifadhiwa. Kitambulisho kilirudishwa ofisini wakati wa kuchukua cheti cha kifo. Familia ikitaka picha ya ibada ya kumbukumbu, inapeleka studio ile iliyosafishwa. Fundi mwingine anaipunguza hadi nambari 512, anaiweka kwenye suti nyingine na kuisafisha upya. Kila mzunguko unapita katika modeli zilezile zenye mazoea yaleyale ya nyuso za Flickr, na hakuna mzunguko unaorudi nyuma. Fundi anayeskani kadi ya marehemu leo anaweza kuikata njia hiyo kwa dakika moja: aipe familia skani ya asili pamoja na kazi, faili lake likiwa na neno ASILI kwenye jina, na ile nyingine aiite IMECHORWA.